Sikio Limepewa Likizo, Spika Je?

UPEPO WA KITONGA
Na Tumsifu Kalinga

"Shangazi, mbona unanong'ona?"

Sikuwa nanong'ona. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, uani kwenye nyumba aliyopanga pale Ilula, naongea kwa sauti hii hii ninayowaitia kuku. Binti wa kaka yangu, mwenye miaka 26, alikuwa ametoka kuoga, kichwa ameinamisha upande, anajigonga sikio la kulia kwa kiganja kama mtu anayetoa maji kwenye chupa. Maji yaliingia, akasema, na dunia ikazimika upande mmoja.

Niliuliza imeanza lini. Akaingia ndani, akarudi na vitu viwili vidogo kwenye kiganja: vizibo vya masikio, vile vya sponji. Zamani vilikuwa vya njano. Sasa vilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na nilipokiminya kimoja kilikuwa kigumu kama kifutio cha shule. Alipewa na binamu yake anayefanya kazi kwenye mashine ya mbao huko Mufindi. Jozi moja, miezi mitano, kila usiku.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka naandika. Sikumkasirikia yeye.

Wanaoijua Ilula hawahitaji maelezo marefu. Magari ya mizigo yakishamaliza kuupanda mlima Kitonga hupita hapo usiku kucha yakielekea Iringa, Mbeya na Zambia. Hayo tumeyazoea, hupita na kwenda zake. Jogoo wa jirani naye huwika akanyamaza. Nyuma ya chumba cha binti huyu, ng'ambo ya ukuta mmoja wa tofali, kuna baa yenye spika mbili zinazofika kifuani mwa mtu mzima, na hizo hazipiti. Zinaanza saa moja jioni na kumaliza saa nane usiku, na siku za mnada wa nyanya hazina saa. Yeye huamka saa kumi kwenda kupokea nyanya zinazotoka mashambani na kuzipanga kwenye matenga kabla lori halijafika. Hesabu mwenyewe amebakiwa na saa ngapi za kulala.

Alikwenda kuzungumza na mwenye baa kwa heshima, akiwa na mama mwenye nyumba. Jibu alilopewa ndilo lililonifanya niandike leo: "Si uvae vizibo? Wenzako wanavaa." Basi akavaa.

Sasa nieleze yaliyompata, kwa sababu najua wasomaji wengi wa Ilula, Ruaha Mbuyuni na Iringa mjini wanalala na vizibo hivi hivi, na hakuna aliyewaambia.

Sikio lina desturi yake ya kujisafisha. Njia ya sikio la mtu mzima, kutoka tundu la nje hadi kwenye kiwambo, ina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Theluthi ya nje ndiyo yenye vitezi vinavyotengeneza nta. Watu huiita uchafu, lakini ni ulinzi: inanasa vumbi, inazuia maji yasilainishe ngozi, na uchachu wake unawapa shida ukungu na bakteria. Ngozi ya ndani ya njia hiyo husogea polepole kutoka kwenye kiwambo kuja nje, kwa mwendo unaokaribia ule wa kucha inayokua, ikiibeba nta. Tukitafuna na kuongea, taya linaisukuma. Inafika mlangoni, inakauka, inadondoka bila sisi kujua.

Ukiweka kizibo, umefunga mlango ambao nta inatokea. Kwa usiku mmoja si kitu. Kwa usiku wa tatu, wa nne, bado sikio linapata mchana wa kujirekebisha. Lakini kila usiku kwa miezi mitano, kizibo kinairudisha nta ndani zaidi ya pale inapotengenezwa, na huko ndani hakuna kitu cha kuisukuma itoke haraka. Inashindiliwa.

Kwa binti huyu kulikuwa na jambo lililoharakisha maafa. Vizibo vya sponji vinazuia vizuri sauti kali, kama msumeno wa mbao ambao binamu yake anapambana nao. Besi ni habari nyingine. Kizibo kisipokaa sawasawa besi hupenya pembeni yake, na hata kikikaa sawasawa mtikisiko hupita ukutani, ukaingia kitandani, ukapanda kwenye mfupa wa kichwa. Kwa hiyo alikuwa anaacha kusikia maneno ya wimbo na kubaki na lile dundo. Akadhani kizibo hakijaingia. Akakisukuma kwa kidole gumba. Kesho yake akakisukuma zaidi. Kila usiku alikuwa anashindilia nta yake mwenyewe akitafuta kukimbia dundo ambalo halikuwa linapitia njia hiyo pekee.

Dalili zilikuja moja moja. Kwanza muwasho. Kisha sikio likahisi limejaa. Sauti yake mwenyewe ikawa kama anaongelea ndani ya mtungi. Kisha mlio mwembamba ambao haukuondoka hata baa ilipofungwa. Sokoni mnunuzi akisema elfu sita yeye alisikia elfu saba, wakagombana. Muuza dawa mmoja alimuuzia vijiti vya pamba ajisafishe, na hivyo vijiti ni kosa la pili, kwa sababu vinafanya kazi ile ile ya kizibo: vinachota nta kidogo na kuisukuma iliyobaki. Jumapili ile akaoga, maji yakaingia, nta ikavimba kama maharage yaliyolowekwa, na mwanya wa mwisho uliokuwa unapitisha sauti ukafungwa. Ndiyo maana watu wengi hudhani wameziba kwa siku moja. Kazi ilianza miezi nyuma.

Jumatatu nilimpeleka kwa tabibu. Nilikaa kwenye kistuli nikaangalia kila kitu. Alilivuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, akaingiza otoskopu, akaniruhusu nichungulie. Kulia sikuona kiwambo. Niliona ukuta wa kahawia unaong'aa. Kushoto nta ilikuwa nusu, lakini ngozi ilikuwa nyekundu na imechubuka. Alipobonyeza kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu, binti aliruka. Tabibu akasema hiyo ndiyo alama: ukivuta sikio au ukibonyeza hapo na kunauma, tatizo ni ngozi iliyowaka, si nta tu. Kizibo kilichojaa jasho kinaiacha ngozi ikiwa na unyevu usiku kucha, inalainika kama vidole vya mfuaji nguo, kijiti kinaikwaruza, na vijidudu vinaingia.

Kushoto alipewa dawa ya matone na onyo la kutoingiza maji. Kulia alipewa mafuta ya zeituni: matone matatu, mara mbili kwa siku, alale ubavu dakika tano, kwa siku tano. Akaambiwa mapema kwamba sikio linaweza kuziba zaidi siku za mwanzo nta inapolowa, asiogope na asichokonoe. Na kabla ya yote aliulizwa kama aliwahi kutoka usaha masikioni utotoni. Swali hilo lina uzito. Kama kiwambo kina tundu, si mafuta wala maji yanayopaswa kutiwa humo, na mtu wa namna hiyo asijitibie nyumbani hata kwa tone moja.

Jumamosi tulirudi. Maji yalichemshwa, yakapoa hadi joto la mwili, kwa sababu maji ya baridi au ya moto humfanya mtu apate kizunguzungu papo hapo. Tabibu alielekeza sirinji juu kwenye ukuta wa njia, si moja kwa moja kwenye kiwambo, akasukuma taratibu. Mara ya tatu kikadondoka kwenye bakuli kitu cha kahawia, kirefu kama kucha ya kidole cha shahada. Upande mmoja kilikuwa bapa, mviringo kamili, alama ya uso wa kizibo. Kizibo kilikuwa kimejichonga muhuri ndani ya sikio la mtoto wetu.

Nilifungua mkoba wangu kutafuta leso, na yeye akageuka kwa mshtuko. Alikuwa amesikia zipu.

Sitasema vizibo vitupwe. Mama aliyetoka zamu ya usiku anavihitaji, na msafiri wa basi anavihitaji. Lakini vina masharti. Vya sponji huviringishwa kwa vidole vilivyooshwa hadi viwe vyembamba, sikio likavutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kikaingizwa, kikashikiliwa nusu dakika kitanuke. Ncha ya nje ibaki inashikika, ikizama, umepitiliza. Asubuhi kizungushwe taratibu ndipo kitoke, kwa sababu kukichomoa ghafla kunavuta kiwambo. Havifuliwi vikarudi kuwa vipya: vikishakuwa vigumu au vichafu, vimekwisha, na hilo ni suala la siku chache. Vya silikoni laini au nta hukaa mlangoni tu, wala havisukumwi ndani. Ziwepo usiku za kulala masikio wazi. Kukianza muwasho, usaha, maumivu au usikivu kupungua, acha siku hiyo hiyo. Pia acha sikio moja wazi kama una mtoto mchanga, au kama wewe ndiye pekee unayeweza kumsikia mwizi.

Hayo ni ya mvaaji. Na ya mpiga muziki? Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na NEMC ipo kuzisimamia. Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilisema mwaka 2009 kwamba usiku kelele nje ya nyumba isizidi desibeli 40, ambayo ni kama maongezi ya chini chini. Pale uani, usiku nilipolala kwa binti, bilauri mezani ilikuwa inatembea.

Anayemwambia jirani avae vizibo anamtaka abebe gharama ya biashara isiyo yake, tena aibebe ndani ya mwili. Aliyepoteza usikivu hakuuza bia hata moja.

Jumamosi ile tabibu alimalizia kwa agizo: masikio yapumzike, pasiingizwe kitu chochote kwa wiki mbili. Binti akaitikia, nasi tukarudi nyumbani. Saa moja jioni ilipogonga nikaona anaangalia ukuta, mikono mapajani, anasubiri. Sasa anasikia vizuri kabisa.