Simu ikiibwa, usikimbilie kusajili namba: anza na laptopu

Wengi wetu tunaamini WhatsApp ya kompyuta ni kioo tu cha simu. Kilichoko huku ndicho kilichoko kule, simu ikizima kioo nacho kinazima. Mimi pia niliamini hivyo mpaka imani hiyo ikanitoa shilingi 4,800, na ndio maana naandika hii.

Mimi huuza raba za mtumba. Kuna jamaa wa Gikomba ambaye hunichagulia mzigo. Mwaka jana tulikubaliana kwenye WhatsApp jozi 24, kila moja 1,150, jumla 27,600. Nikatuma 10,000 ya kwanza. Wiki tatu baadaye, kabla nimalizie 17,600 iliyobaki, simu ikanyakuliwa dirishani nikiwa kwenye matatu. Jamaa kusikia nimepoteza simu, akakumbuka bei tofauti: 1,350 kwa jozi. Sasa jumla ni 32,400. Ushahidi wangu uko wapi? Kwenye chati. Na chati, manze, ilikuwa wazi kabisa kwenye laptopu yangu nyumbani.

Lakini sikuanza na laptopu. Nilienda kurudisha laini, nikaazima simu ya dadangu, nikasajili WhatsApp hapo hapo. Nilipofika nyumbani, laptopu ilikuwa inanionyesha msimbo wa QR. Nimetolewa. Bakapu ya simu nayo ilikuwa ya miezi miwili nyuma, kwa sababu niliiweka isubiri Wi-Fi na kwetu natumia bando. Kila kitu cha hiyo miezi miwili kikaenda, na bei ya 1,150 ikaenda nacho.

Hebu tuelewe kilichotokea, kwa sababu hapa ndipo watu huchanganyikiwa.

Zamani kidogo kompyuta ilikuwa kioo kweli. Simu ikizima, WhatsApp ya kompyuta inakwama. Mwaka 2021 mpango huo ulianza kubadilika. Sasa unaweza kuunganisha hadi vifaa vinne na simu yako, na kila kimoja kina funguo zake na hifadhi yake ya ujumbe. Ukiskani ule msimbo wa QR, simu hufunga furushi la chati za karibuni, hulifungia kwa siri na kulituma kwa kompyuta. Kompyuta hulifungua na kuliweka ndani yake. Kuanzia hapo haiombi simu ikuonyeshe ujumbe, inasoma daftari lake yenyewe. Mtu akikuandikia, ujumbe wake hufungwa mara moja kwa ajili ya simu yako na mara nyingine kwa ajili ya kompyuta yako. Ni bahasha mbili, zinaenda anwani mbili.

Ukitaka kuona daftari hilo linakaa wapi, na unatumia Chrome kwenye Windows, tafuta hapa:

```
%LOCALAPPDATA%\Google\Chrome\User Data\Default\IndexedDB
```

Ndani utapata folda ambayo jina lake linaanza na `https_web.whatsapp.com`. Ndiyo hiyo. Usitarajie kuifungua na kusoma chati kama barua. Lakini sasa unajua ni kitu halisi kilicho kwenye diski yako, na kinaweza kufutika. Ukisafisha kivinjari na kuweka tiki kwenye kufuta vidakuzi na data za tovuti, umefuta daftari hilo pia.

Kwa hivyo kompyuta na simu zinaweza kutofautiana bila chochote kuharibika. Kwanza, lile furushi la kuanzia halibebi historia yako yote. Ukipanda juu sana kwenye chati ya zamani, kompyuta itafika mwisho na kukuambia uangalie kwenye simu. Pili, bahasha ya kompyuta inaweza kufika lakini funguo zisikubali. Hapo unaona `Waiting for this message. This may take a while.` huku kwenye simu ujumbe huo huo unasomeka vizuri. Haimaanishi mtu amekublock wala amefuta. Fungua simu ikiwa na intaneti, usubiri. Tatu, kinyume chake: simu ikirudishiwa bakapu ya zamani, kwa siku hizo kompyuta ndiyo iliyokuwa na mengi kuliko simu. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu, na sikujua.

Sasa, kwa nini laptopu ilinitoa? Kwa sababu bosi wa akaunti ni simu. Ukisajili namba kwenye simu mpya, vifaa vyote vilivyounganishwa na ile ya zamani hukatwa, na kompyuta ikikatwa hufuta daftari lake. Ni ulinzi mzuri, maana hutaki mwizi aendelee kukaa ndani. Lakini haibagui kati ya mwizi na wewe. Ukiskani tena, kompyuta inapokea furushi kutoka kwa simu mpya, yaani kile tu kilichorudi kwenye bakapu. Laptopu yangu ilirudi ikiwa na pengo lile lile la miezi miwili. Na hakuna njia ya kuchukua daftari la kompyuta ulirudishe kwenye simu.

Msimamo wangu basi ni huu: simu ikipotea ikiwa na loki nzuri, nusu saa ya kwanza iwe ya laptopu. Kompyuta iliyounganishwa huendelea kufanya kazi bila simu, mpaka simu ikae zaidi ya siku 14 bila kutumika. Una muda. Fungua zile chati za pesa tu, si zote: madeni, bei, anwani za wateja. Buruta kipanya juu ya ujumbe, nakili, bandika kwenye faili. Ukifanya hivyo kwenye WhatsApp Web, saa, tarehe na jina la aliyeandika huja pamoja na maneno. Piga skrinshoti pia. Picha na sauti, bonyeza kupakua moja moja, ziingie kwenye folda ya Downloads. Hizo zikishaingia huko hazifutiki hata ukikatwa. Halafu sasa ndio usajili namba.

Najua mtu atasema: na kama mwizi anasoma chati zako hiyo nusu saa? Ni swali halali. Kama simu haikuwa na loki, au ilinyakuliwa ikiwa wazi mkononi, sahau laptopu, sajili namba mbio umtoe. Afadhali upoteze bei ya raba kuliko mtu aombe marafiki zako pesa kwa jina lako. Laini nayo ifungwe mara moja, kwa hali yoyote. Kufunga laini hakukati laptopu. Kinachoikata ni kusajili WhatsApp upya.

Kuna upande mwingine ambao watu wa saiba hawaupendi. Ile ile nguvu ya kuishi bila simu inamaanisha ukiskani kwenye kompyuta ya saiba ukasahau kutoka, umeacha daftari lako kwa meza ya mtu. Kwenda nyumbani na simu yako hakulifungi. Ingia kwenye simu, sehemu ya `Linked devices`, uguse kifaa usichokijua na umalize na `Log out`.

Jamaa wa Gikomba nilimlipa 32,400. Bado tunafanya kazi, ana jicho zuri la raba. Siku hizi tukikubaliana bei, nanakili ujumbe kwenye faili moja jioni hiyo hiyo, na bakapu yangu inakubali bando.