Swali Limeulizwa, Jibu Limekwenda Kwingine

Wanazuoni wa fikihi, kabla ya kupima hoja za pande mbili, hubainisha kwanza mahali pa mzozo: ni jambo gani hasa linalogombaniwa? Vikao vyetu vingi vya familia huiruka hatua hiyo, na ndipo mtu hutoa jibu la kweli kwa swali ambalo hakuulizwa.

Tuchukue mfano. Baba amefariki, na wazazi wake walikwisha kutangulia. Ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Mali, ukitoa gharama za maziko, ni shilingi milioni 40. Hakuna deni wala wasia uliotajwa. Mjane ana thumuni, yaani milioni 5. Milioni 35 zilizobaki hugawanywa mafungu matano: kila mtoto wa kiume milioni 14, binti milioni 7.

Binti auliza kikaoni: “Kaka, fungu langu liko wapi?” Kaka mkubwa, aliyeishika mali, ajibu: “Mdogo wangu, mimi ndiye niliyemuuguza baba miaka mitatu. Isitoshe, mumeo ana uwezo.” Wazee wanaguswa, wanamsifu kaka kwa wema wake, na kikao kinafungwa. Binti anarudi kwake mikono mitupu.

Tazama yaliyopita hapo. Habari ya kuuguza imethibitisha kwamba kaka ni mtoto mwema. Haikuthibitisha kwamba dada hana haki. Habari ya mume, nayo, imewahamisha wasikilizaji kwenye mada nyingine kabisa, kwani fungu la mirathi halipimwi kwa utajiri wa mume. Yote mawili huenda ni kweli, na ukweli wake ndio unaowapoteza wazee.

Namna ya kutambua ni nyepesi. Mwenye kuongoza kikao na akubali maneno yote yaliyosemwa, kisha arudie swali la awali: “Tumekubali kwamba ulimuuguza baba. Je, fungu la dada yako limekwisha kutolewa?” Swali likibaki vilevile bila jibu, basi lililojibiwa lilikuwa jingine.

Hata hivyo, tusikimbilie kumnyamazisha kaka, kwa kuwa yapo maneno yanayofanana na hayo ambayo huhusika kweli. Kama anadai kwamba alimkopesha baba milioni 8 za matibabu, hilo ni deni, na deni hutangulia mirathi. Na alitaje kwa kiasi na kwa ushahidi. Likithibiti, zitabaki milioni 32: mjane atapata milioni 4, na binti milioni 5 na laki 6. Fungu lake limepungua, wala halikufutika.

Kwa hiyo, swali na liandikwe mwanzoni mwa kikao, na kikao kisifungwe kabla jibu lake halijaandikwa chini yake.