Koo Likiuma, Alama Zihesabiwe Kwanza

Mtu mzima anafika kwa daktari akilalamika koo. Anaachama, tochi inamulikwa, daktari anaona wekundu na kuandika amoksilini. Dakika mbili zimekwisha. Tunasema dakika hizohizo mbili zinatosha kuhesabu alama nne, na kwamba hesabu hiyo ingewarudisha wagonjwa wengi nyumbani salama, bila antibaiotiki na bila kuchukuliwa sampuli ya koo.

Alama hizi si ngeni. Mwaka 1981, Daktari Robert Centor na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 286 waliofika na maumivu ya koo katika idara ya dharura huko Richmond, jimbo la Virginia, Marekani. Waliwachukua sampuli, wakaziotesha maabara, kisha wakatafuta ni dalili zipi zinazomtofautisha mwenye bakteria aina ya streptokokasi kundi A na asiye nayo. Zilibaki nne: usaha juu ya tonsili, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na zinazouma zikibonyezwa, homa, na kutokuwa na kikohozi. Kila moja ina alama moja.

Katika kundi lile, mwenye alama zote nne alikuwa na uwezekano wa asilimia 56 wa kuwa na bakteria hiyo. Mwenye tatu, asilimia 32. Mwenye mbili, 15. Mwenye moja, kati ya sita na saba. Asiye na hata moja, kati ya mbili na tatu.

Takwimu hizo zisomwe vizuri, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Hata mgonjwa mwenye alama zote nne, yule ambaye kila daktari angeapa kuwa ana bakteria, karibu nusu ya wenzake hawakuwa nayo. Kwa hiyo kipimo hiki hakithibitishi ugonjwa. Nguvu yake iko chini kabisa, kwenye sifuri na moja, ambako kinamruhusu daktari kusema kwa uhakika mkubwa kwamba koo hili, kama makoo mengi ya watu wazima, limeshikwa na virusi, na antibaiotiki haiui virusi.

Alama zenyewe zinahitaji mkono na masikio. Tezi zinazohesabiwa ni zile za mbele, chini ya pembe ya taya na kando ya msuli mkubwa wa shingo, na lazima ziume. Zikivimba zaidi zile za nyuma ya shingo, hasa kwa kijana aliyechoka mno kwa wiki nzima, daktari afikirie homa ya tezi inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa amoksilini mara nyingi hutokwa na vipele mwili mzima, kisha anaishi miaka akiamini ana mzio wa penisilini. Homa nayo inahesabiwa hata kama kipimajoto sasa kinaonyesha kawaida, mradi mgonjwa aliipata katika ugonjwa huu; wengi huwa wameshameza parasetamoli kabla ya kutoka nyumbani. Na mahali penye malaria, homa hiyo ipimiwe malaria kwa njia yake, isibebeshwe koo peke yake.

Kosa la kawaida zaidi ni la kikohozi. Daktari asipomsikia mgonjwa akikohoa chumbani, anaandika kuwa hana. Aulizwe. Kikohozi, mafua, sauti iliyokauka na macho mekundu vyote vinaelekeza kwenye virusi, na alama moja iliyotolewa bila swali inaweza kumsogeza mtu kutoka kundi la kwenda nyumbani hadi kundi la kupimwa.

Umri pia una neno. Mwaka 1998 Daktari Warren McIsaac wa Toronto, Kanada, aliongeza kipengele hicho: wenye miaka 45 na zaidi wanapunguziwa alama moja, wa miaka 15 hadi 44 hawaongezewi wala kupunguziwa, na watoto wa miaka mitatu hadi 14 wanaongezewa moja, kwa sababu bakteria hii inawapenda watoto kuliko wazee.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa miaka 48 ana siku ya pili ya maumivu ya koo. Jana usiku alipata homa. Hakohoi, hana mafua. Tonsili ni nyekundu lakini hazina usaha wala hazijavimba, na tezi za mbele zinauma zikibonyezwa. Homa moja, tezi moja, kikohozi hakuna moja: tatu. Kwa miaka 48 anapunguziwa moja, zinabaki mbili. Kwa mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na Chuo cha Madaktari wa Tiba cha Marekani, mtu mzima mwenye alama chini ya tatu hahitaji hata kupimwa. Mwalimu huyu apewe dawa ya maumivu, aambiwe kwamba koo huchukua kama wiki moja kupona, na aelezwe dalili za kumrudisha haraka. Sasa mpe dalili zilezile kijana wa miaka 24, na kwake usaha uonekane wazi. Ana nne. Huyo achukuliwe sampuli.

Kwa nini basi tusimpime kila mtu? Tunasikia hoja hii hata kwa wahudumu wenye nia njema, wanaoona kipimo kama uangalifu wa ziada. Jibu limo katika hesabu. Kipimo cha haraka kinachotoa jibu papo hapo hunasa takriban watu 86 kati ya 100 wenye bakteria, na huwatia hatiani kimakosa takriban watano kati ya 100 wasio nayo. Wapime watu 100 wenye alama tatu. Kama 32 wana bakteria, kipimo kitawanasa 27 au 28, na kitasingizia watatu au wanne. Jibu la ndiyo hapo lina maana. Sasa wapime watu 100 wenye alama moja, ambao sita tu ndio wenye bakteria. Kipimo kitawapata watano, na kitawasingizia wengine karibu watano. Kila jibu la ndiyo limekuwa bahati nasibu, na nusu ya watakaopewa dawa hawakuihitaji.

Kuna na wabebaji, watu wanaoishi na streptokokasi kooni bila kuumwa nayo. Mmoja wao akipata mafua ya kawaida na kupimwa, kipimo kitasema ndiyo, na kitakuwa kimesema kweli kuhusu bakteria na uongo kuhusu ugonjwa. Kuotesha sampuli maabara, kunakochukua siku moja hadi mbili, hakuondoi tatizo hilo. Alama ndizo zinazolipunguza, kwa kuchagua nani afike kwenye kipimo.

Hata kwa aliyethibitishwa, faida ya dawa isitiwe chumvi. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba antibaiotiki hufupisha maumivu ya koo kwa wastani wa saa 16 hivi, na kwamba wagonjwa wanane kati ya kumi hupona ndani ya wiki moja bila dawa hiyo. Dozi kamili kwa mwongozo wa Marekani ni siku kumi za penisilini au amoksilini. Kwa mwenye streptokokasi hasa, dozi hiyo ina sababu: inapunguza muda wa kuambukiza wengine, inazuia jipu la nyuma ya tonsili, na inakinga homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo. Kwa mwenye virusi, siku kumi hizo ni kuhara, vipele na bakteria sugu, bila malipo yoyote.

Je, hesabu hii inapunguza dawa kweli? Uingereza iliijaribu mwaka 2013 kwa kutumia mizani inayofanana nayo. Katika kundi lililopewa dawa ya kusubiri, yaani ya kuchukuliwa hali isipokuwa nafuu, asilimia 46 waliishia kutumia antibaiotiki. Katika kundi lililoongozwa na alama walikuwa 37. Kundi la tatu, lililotumia alama pamoja na kipimo cha haraka, walikuwa 35. Kwa nchi ambazo vipimo hivyo havipatikani kila zahanati, matokeo haya ni habari njema: kazi kubwa ilifanywa na alama, na kipimo kiliongeza kidogo tu.

Lakini tusiitume hesabu hii mahali isipokuwa na kazi. Asilimia za Richmond ni za watu wazima wa Richmond. Streptokokasi ikienea zaidi, kila ngazi inapanda. Mtu aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi, au mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana nayo, hahesabiwi alama. Huyo yuko kwenye njia nyingine kabisa, na Afrika Mashariki tunao wengi wa aina hiyo, wengi wao wakiwa wamepata dhara utotoni. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto mwenye koo asipimwe kwa mizani ya mtu mzima. Wenye kinga dhaifu nao hawakuwa ndani ya hesabu hii.

Na kuna koo ambalo halipaswi kuhesabiwa kabisa, kwa sababu ni dharura. Mgonjwa asiyeweza kuachama, anayedondokwa na mate kwa kushindwa kumeza, anayeongea kwa sauti nzito kama ana kitu mdomoni, ambaye upande mmoja wa koo umevimba kuliko mwingine, huenda ana jipu la nyuma ya tonsili. Anayepata shida ya kupumua apelekwe hospitali papo hapo. Utando wa kijivu uliong'ang'ania kooni kwa mtu asiyechanjwa uamshe wazo la dondakoo. Na kijana ambaye badala ya kupata nafuu siku ya tatu hadi ya tano anazidiwa, akitetemeka kwa baridi na shingo ikivimba upande mmoja, anaweza kuwa na bakteria nyingine, fusobakteriamu, ambayo kwa nadra hupenya hadi mshipa mkuu wa shingoni na kuusababishia damu kuganda. Centor mwenyewe baadaye aliitafuta kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Birmingham, Alabama, na mwaka 2015 akaripoti kwamba aliikuta kwa mmoja kati ya watano waliokuwa wakiumwa koo, mara mbili ya streptokokasi. Kipimo cha haraka cha streptokokasi hakiioni. Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa hahitaji dawa lazima aambiwe pia siku ya kurudi.

Tunachodai ni kidogo na hakina gharama. Kila mtu mzima aliyefika kwa ajili ya koo, faili lake lionyeshe alama zake nne na umri wake kabla ya jina la dawa yoyote. Mwenye sifuri, moja au mbili asiandikiwe antibaiotiki wala asipelekwe maabara. Mwenye tatu au nne apimwe kipimo kikiwepo. Kisipokuwepo, daktari aamue akijua kwamba kwenye tatu, wawili kati ya watatu hawana bakteria hiyo. Na duka la dawa linalomuuzia mtu vidonge vinne vya amoksilini kwa sababu ameshika koo na kukunja uso, likomeshwe.