Udhu Katika Picha ya Karibu: Kamera Huona Maji, Haioni Nia



Hapa kwetu pwani mtoto huujua udhu kabla hajafundishwa. Humwona babu yake penye birika la msikiti, humwona mama yake uani, naye huiga. Kwa jamaa zetu walioko Kisii na Nyamira mambo hayako hivyo. Katika mji wa Kisii wapo Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari kutoka Sudani katika jeshi la Waingereza, na wapo wafanyabiashara wa kila asili, na Abagusii waliosilimu. Lakini ukishatoka mjini na kuingia katika vilima vya majani ya chai, nyumba ya Kiislamu yaweza kuwa pekee baina ya majirani Waadventisti na Wakatoliki. Huko mtoto humtazama mama yake, na asipokuwapo mama, huitazama simu.

Ndiyo maana tumeona wiki hii tueleze namna ya kuitengeneza nyumbani filamu fupi ya udhu, ya dakika tatu hivi, kwa picha za karibu na maelezo ya sauti. Mwenye kuitengeneza atakutana mapema na jambo moja: fardhi za udhu kwa madhehebu yetu ya Shafi ni sita, na ile ya kwanza, ambayo ni nia, haionekani. Basi kazi ya picha ni kuonyesha maji yalipofika, na kazi ya sauti ni kusema lile ambalo jicho haliwezi kuliona. Kila kimoja kikishika kazi yake, mtoto atafunzika. Vikichanganywa, atajifunza kuloa tu.

Kwanza, nani atarekodiwa? Mkono wa mwanamke mpaka kiwiko, nywele zake na miguu yake ni aurati mbele ya asiye maharimu, na filamu ikishatumwa hakuna ajuaye itafika wapi. Kwa hiyo na achukuliwe mtoto wa kiume wa miaka minane au tisa ambaye udhu wake umetengenea. Viganja vya mama vyaweza kuonekana katika picha moja, kwa sababu tutakayoitaja.

Pili, mwanga. Mtoto na akae karibu na mlango, jua la asubuhi limpate kwa ubavuni. Mwanga wa ubavuni huifanya ngozi iliyoloa ing'ae na iliyokauka ibaki imefifia. Mwanga ukimpiga kutoka mbele, kavu na mbichi huonekana sawa, na filamu haitamfunza mtu kitu. Tena asubuhi ni bora kwa sababu Kisii mvua hupenda kunyesha alasiri, na mvua juu ya mabati huimeza sauti yote. Sauti ya msimulizi irekodiwe mbali, ndani, baada ya picha kwisha. Kila sekunde kumi za picha zipewe maneno kama ishirini, si zaidi, ili sauti ya maji nayo isikike.

Sasa tuziandike picha moja baada ya moja.

Picha ya kwanza ni kopo la maji. Liwe na maji pungufu ya lita moja, kwa kuwa imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kiasi cha viganja viwili vya mtu wa wastani vikijazwa pamoja. Kwa anayepandisha mtungi kutoka chemchemi ya bondeni, picha hii ina maana kubwa. Sauti iseme: "Haya yanatosha. Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu." Kisha mtoto aoshe viganja, asukutue, apandishe maji puani. Haya ni sunna, na msimulizi ayataje kuwa ni sunna.

Picha ya pili ni viganja vya mama, vimefunguliwa mbele ya kamera. Huku ndiko mahali pa kuonyesha kazi za Kisii na Nyamira. Vidole vya mchuma chai huwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Mkono uliokata mkungu wa ndizi huwa na utomvu unaonata. Mambo haya mawili hayana hukumu moja. Weusi wa chai ni rangi iliyoingia katika ngozi, kama hina, na maji huifikia ngozi. Utomvu ulioganda ni kitu chenye umbo kilicholala juu ya ngozi, sawa na rangi ya kucha au unga uliokauka chini ya kucha, nacho huzuia maji. Kamera isogee mpaka tofauti ionekane, na ukucha ukwaruze utomvu ule hadi utoke. Sauti iseme: "Rangi haizuii. Kinachobanduka ndicho kinachozuia, kiondoe kwanza."

Picha ya tatu ni uso, na hii ndiyo picha ngumu kuliko zote. Kwa madhehebu yetu nia huwa moyoni, na hukutana na kuoshwa kwa sehemu ya kwanza ya uso. Basi kamera ilenge paji la uso, na mara maji yanapoligusa, picha isikatwe wala isisogezwe. Wakati huohuo sauti iseme: "Hapa, maji yanapogusa uso, moyo wangu unakusudia udhu." Sauti ikitangulia wakati viganja vingali kwenye kopo, mtoto atadhani nia ilishapita. Ikichelewa mpaka mikononi, atadhani uso hauhitaji nia. Sekunde mbili zaweza kuharibu somo zima. Kisha maji yaonekane yakishuka kutoka maoteo ya nywele mpaka chini ya kidevu, na kutoka sikio mpaka sikio.

Picha ya nne ni mkono. Wengi hupenda kuonyesha maji yakitiririka kwenye vidole kwa sababu yanapendeza, kisha hukata. Kiwiko chenyewe kimo ndani ya fardhi, kwa hiyo picha ifuate maji mpaka yapite kiwiko, mkono ugeuzwe, na upande wa nyuma uonekane uking'aa. Mkono wa kushoto urekodiwe mzima vilevile. Usiachwe kwa hoja kwamba mtazamaji ameshaelewa.

Picha ya tano ni kichwa. Hapa hakuna kumimina. Mkono uliolowa hupitishwa. Sehemu ya kichwa hutosheleza fardhi, na kukipaka chote ni sunna. Picha ianzie kwenye kiganja kilicholowa ili mtoto aone kwamba kupaka si kuosha. Sauti iongeze kwa ajili ya wasichana: "Mwanamke aliyevaa mtandio huingiza mkono chini yake, akaupitisha juu ya nywele zake." Jambo hilo lasemwa tu, halionyeshwi.

Picha ya sita ni mguu, na kamera ikae nyuma, si mbele. Vidole huoshwa na kila mtu. Kisigino ndicho kinachosahauliwa. Imepokewa kwamba katika safari moja masahaba walichelewa, sala ya alasiri ikawabana, wakawa wanapitisha maji miguuni kwa haraka, na Mtume akapaza sauti kuwaonya juu ya visigino. Nyumba nyingi za vilimani kuna buti za mpira na udongo, na ngozi ya kisigino hupasuka, udongo ukajificha katika nyufa. Tunapendekeza mtoto aoshe mara ya kwanza kwa haraka makusudi, na picha ikae kwenye kisigino kisichong'aa. Sauti inyamaze kidogo, kisha iseme: "Hapa bado." Ndipo aoshe tena, akisugua kwa mkono, na kisigino king'ae.

Baada ya mguu huja shahada, na kopo tupu laweza kuifunga filamu. Kidole cha shahada kisifanywe picha ya udhu, kwani mahali pake panapojulikana ni katika tahiyatu. Mtoto akikiona hapa atakidhania kuwa ni nguzo ya udhu.

Yamebaki mambo mawili ya mwenye kuunganisha picha na mwenye kuandika maneno.

Mwenye kuunganisha huvutika kuanza na picha nzuri zaidi, pengine ile ya mguu chini ya jua. Asifanye hivyo. Tartibu ni fardhi ya sita, nayo ndiyo fardhi pekee ambayo mkasi wa filamu unaweza kuivunja ilhali mtoto alitawadha sawasawa.

Mwenye kuandika maneno naye hujaribiwa kueleza maana kwa kusema udhu uliwekwa ili kuondoa viini vya maradhi. Maneno hayo hayasimami, maana asiyepata maji hutayamamu kwa mchanga safi, na mchanga hauoshi kitu. Maana iliyo salama zaidi ni ile iliyopokewa na Abu Hurayra katika Sahihi Muslim, kwamba makosa hutoka pamoja na maji: usoni yale yaliyotazamwa na macho, mikononi yale yaliyoshikwa, miguuni yale yaliyoendewa. Hapo kila picha ya karibu hupata neno lake lenyewe, na mtoto huanza kujiuliza mkono wake ulishika nini leo.

Lakini katika nyumba ambayo bibi ni Mkristo, au jirani ameketi akitazama pamoja, maneno ya makosa kutoka na maji humkumbusha ubatizo, au maji ambayo Mkatoliki huchovya kidole akaingia kanisani. Ni vyema msimulizi aitaje tofauti kwa upole: "Udhu mtu hujitilia mwenyewe, na kila unapotenguka huurudia kabla ya sala." Sentensi hiyo moja yamtosha bibi, na mjukuu atakuwa na la kumjibu anapoulizwa shuleni.

Kabla ya kuituma filamu kwa jamaa, itazameni mara moja bila sauti, mkahesabu: uso, mikono miwili na viwiko vyake, kichwa, miguu miwili na visigino vyake, kwa mpangilio huo. Kisha isikilizeni mkiwa mmefumba macho. Ikiwa nia haikusikika penye uso, rekodini upya sauti ile tu. Picha zenu hazina kosa.

Wabillahi taufiki.