Barua ya Zahanati: Wingi wa Watu au Urefu wa Njia?

Si jambo geni kwa masjala ya Halmashauri ya Wilaya kupokea barua ya wanakijiji wanaoomba kujengewa zahanati. Karatasi zake huwa mbili au tatu, mwandiko aghalabu ni wa mwalimu wa shule ya msingi, na nyuma yake yamo majina, sahihi na alama za dole gumba. Hoja zake nazo zinajulikana: zahanati iliyopo iko mbali, watu ni wengi, na njia ina hatari. Barua hupigwa muhuri, hutiwa katika jalada, na mara nyingi safari yake huishia hapo.

Wananchi hulaumu urasimu, na lawama hiyo mara nyingi ni ya haki. Lakini iko sababu nyingine isiyosemwa sana. Katika sehemu zenye watu waliotawanyika, hoja ya wingi wa watu na hoja ya umbali hazivuti kamba upande mmoja. Mwandishi asipolitambua hilo, barua yake hupingwa kwa hoja aliyoiandika mwenyewe.

Kiegei ni mfano unaofaa. Ni kata ya Wilaya ya Nachingwea katika Mkoa wa Lindi, wilaya ambayo ndiyo iliyozaa Wilaya ya Ruangwa mwaka 1995. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa mzima watu 1,194,028, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 66,000. Maana yake ni watu 18 hivi kwa kila kilomita moja ya mraba. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mkoa ni hifadhi na pori, na kwamba watu hukaa kwa mafungu vijijini. Hata hivyo, wastani huo watosha kuonyesha jambo lenyewe.

Katika mipango ya afya iliyoanza mwaka 1972, kipimo kilichofuatwa kilikuwa zahanati moja kwa watu wapatao 10,000. Mahali penye watu 18 kwa kilomita ya mraba, watu 10,000 huenea katika eneo la kilomita za mraba 555. Likichorwa duara la ukubwa huo na zahanati ikawekwa katikati, mtu wa ukingoni atakuwa umbali wa kilomita 13 kwa mstari ulionyooka, na njia ya miguu hainyooki kamwe. Basi hata kama kipimo hicho kingetimizwa barabara, bila shilingi moja kupotea na bila kiongozi yeyote kuzembea, mwananchi wa pembezoni angebaki na mwendo wa saa tatu.

Sasa chukua kipimo cha pili, kile cha kilomita 5 ambazo mtu aweza kuzitembea akiwa mgonjwa. Duara la kilomita 5 kila upande lina kilomita za mraba zisizofika 79. Kwa msongamano uleule, humo hukaa watu 1,400 hivi. Ndiyo kusema kwamba kijiji kimoja, kwa mwenye kipimo cha kwanza, ni kidogo mno hata kustahili zahanati. Na kwa mwenye kipimo cha pili, kinastahili yake peke yake. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulielekea upande wa pili, kwani ulilenga kila kijiji kipate zahanati na kila kata kituo cha afya. Mpango ulifika ukomo wake vijiji vingi vikiwa bado havijapata, na fedha zinapokuwa haba, wenye kugawa hurudi kwa urahisi kwenye kuhesabu vichwa.

Kwa hiyo barua itokayo mahali kama Kiegei isianze kwa kusema “sisi ni wengi.” Afisa mipango atafungua takwimu zake, atakuta vijiji vya jirani na mji vilivyo vikubwa zaidi, na hoja itakuwa imekwisha. Umbali ndio utangulie. Idadi ya watu ifuate, nayo ielezwe kwa kazi yake halisi, yaani kuonyesha zahanati hiyo itahudumia nani na mara ngapi kwa mwaka.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Tuseme kijiji kina watu 1,400, na kila mwaka huzaliwa watoto 30 kwa kila watu 1,000. Hao ni watoto 42, yaani mama mmoja hujifungua karibu kila siku tisa. Kati ya kila wajawazito 100, wapatao 15 hupata matatizo makubwa. Basi katika kijiji hicho ni sita kila mwaka. Mwalimu anayeandika barua hana haja hata ya kukisia. Daftari la wakazi la mtendaji wa kijiji na orodha ya watoto wa darasa la kwanza vitampa idadi iliyo karibu na ukweli, na ambayo halmashauri yaweza kuikagua.

Umbali nao huandikwa vibaya unapotajwa kama mwendo mmoja tu. Tuseme mama mjamzito afike kliniki mara nne tu, kisha aende kujifungua, kisha ampeleke mtoto kwa chanjo akiwa na wiki sita, wiki kumi, wiki kumi na nne, miezi tisa na miezi kumi na minane. Hizo ni safari kumi. Aliye umbali wa kilomita 13 hutembea 26 kwa kila safari, na kwa jumla kilomita 260 kwa mtoto mmoja. Kutoka Nachingwea hadi Masasi ni kilomita zipatazo 45. Mama huyo basi amekwenda Masasi na kurudi karibu mara tatu, kwa miguu, akiwa na mimba au mtoto mgongoni. Akiacha safari mbili tatu kati ya hizo, kadi ya mtoto hubaki na nafasi tupu, na mtu wa ofisini huandika kwamba “mwamko wa wananchi ni mdogo.” Barua iliyoweka hesabu hii mbele humwondolea msomaji wake kisingizio hicho.

Yabaki hatari za njia. Neno “njia si salama” halimshtui mtu aliyelisoma katika barua ishirini. Linalomgusa ni jambo lenye mahali, mwezi na saa: kijito gani hufurika kati ya Desemba na Aprili, na hufungwa kwa siku ngapi, ndovu huvuka njia sehemu gani, na tangu saa ngapi jioni waendesha pikipiki hukataa kupita, nauli ya pikipiki usiku ni kiasi gani ikilinganishwa na ya mchana. Mambo haya yakiandikwa kwa utaratibu kwa msimu mmoja, yatakuwa ushahidi. Yasipoandikwa, yatabaki malalamiko.

Hapo ndipo umbali na hatari hukutana na uhai wa mtu. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa mbili hivi. Mwendo wa kilomita 13 kwa miguu ni saa tatu, na machela haiendi kasi kuliko mtu mwenye afya. Hesabu hiyo ya saa mbili dhidi ya saa tatu ndiyo hoja nzito kuliko zote, nayo yaweza kuandikwa kwa mstari mmoja.

Lakini ukweli unadai jambo jingine lisemwe pia. Zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu ya akiba. Iwezalo ni kumpima mwenye homa na kumpa dawa ya malaria, kuchanja watoto, kumzalisha mama asiye na tatizo, na kumpa anayetokwa na damu sindano ya kubana mfuko wa uzazi ili afike hospitali akiwa hai. Sindano hiyo huharibika kwa joto; yataka jokofu, na jokofu lataka umeme, hata kama ni wa jua. Mama yule bado atahitaji gari la wagonjwa. Kwa hiyo kijiji kinachoomba jengo tu kimeomba nusu ya kitu. Barua ikamilike kwa kuomba pia mganga na mkunga, nyumba ya kuishi watumishi hao, jokofu, na namna ya kuita gari usiku.

Wako wanakijiji ambao, kwa kuchoka kungoja, hufyatua matofali na kusimamisha kuta. Moyo huo hauna lawama, lakini matokeo yake yanaonekana katika wilaya nyingi: maboma yasiyo na paa, yanayonyeshewa mvua mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitoa shilingi milioni 50 kwa kila boma la zahanati lililochaguliwa kumaliziwa. Kiasi hicho chaonyesha jinsi kazi inayobaki baada ya kuta ilivyo kubwa. Tena boma lililojengwa bila ramani ya wizara, au mahali ambapo Mganga Mkuu wa Wilaya na mhandisi hawakupakagua, laweza kukataliwa kabisa.

Utaratibu ulio salama waanza na mkutano mkuu wa kijiji, unaotoa eneo na kuandika muhtasari. Muhtasari huo hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka huko hufika Halmashauri, diwani akiufuatilia. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla. Barua ifikayo mwezi Aprili hukuta sufuria imekwisha kuepuliwa. Ifikayo Oktoba hukuta maji bado yanachemka.

Wajibu hauko kwa mwandishi peke yake. Mtumishi wa halmashauri anayeipokea barua ya namna hiyo anadaiwa jibu la maandishi lenye mambo matatu: kipimo kilichotumika, nafasi ya kijiji hicho katika orodha, na mwaka ambao ombi litatazamwa tena. Akikataa kwa sababu watu ni wachache, aandike hivyo wazi, ili kijiji kimjibu kwa kilomita na saa.

Katika miaka ya 1970 watu wa vijiji hivi walihamishwa na kukusanywa pamoja, wakaambiwa kwamba wakikaa pamoja itakuwa rahisi kuwafikishia shule, maji na matibabu. Walikusanyika. Mjukuu wao anapoandika leo kwamba zahanati iko mbali, haombi hisani. Anakumbusha upande wa pili wa mapatano.