Fedha Zimekatwa, Kifurushi Hakikuja: Barua kwa Kampuni ya Simu kutoka Samunge

Aprili 2, 2021, Watanzania waliamka wakakuta vifurushi vya simu vimepanda bei. Kelele zilipigwa kila kona, na Serikali ikaamuru bei za awali zirejeshwe. Tangu hapo tumejenga imani kwamba kampuni za simu huogopa umma. Imani hiyo ina ukweli nusu. Bei ikipanda, wote tunaumia kwa wakati mmoja, hivyo tunapiga kelele pamoja. Kifurushi kilicholipiwa kisipofika, anayeumia ni mmoja, mahali pamoja, kwa shilingi elfu mbili au tatu. Anasonya, ananunua kingine, na kampuni haina wa kumwogopa. Wizi wa namna hii haukomeshwi kwa kelele bali kwa karatasi. Kwa sababu hiyo naweka hapa barua niliyoiandikia kampuni yangu, bila kuitaja jina, ili atakayetaka aazime hoja zake.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MADAI YA KUREJESHEWA SHILINGI 5,100 KWA KIFURUSHI KISICHOTOLEWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi iliyopita, saa 1:12 jioni, nikiwa katika kijiji cha Samunge, Wilaya ya Ngorongoro, nilinunua kwa pesa za simu kifurushi cha intaneti cha saa 24, chenye megabaiti 1,000, kwa shilingi 2,500. Ujumbe wa malipo ulifika papo hapo ukiwa na namba ya muamala, ambayo nimeiambatisha. Ujumbe wa kifurushi haukufika. Nilipoangalia salio, sikuona megabaiti hata moja. Wakati huohuo salio langu la kawaida, lililokuwa shilingi 3,600, lilikuwa limekwisha.

Mhudumu wenu wa namba 100 alinijibu kwamba mtandao wa Samunge ni dhaifu. Naomba jibu hilo lifutwe, kwa kuwa halieleweki. Ununuzi wa kifurushi una hatua mbili, na zote hufanyika ndani ya mitambo yenu, si ndani ya simu yangu. Kwanza, mfumo wa malipo hupunguza fedha za mteja. Pili, mfumo wa vifurushi hupokea agizo na kuiandikia laini yake kiasi alicholipia. Minara ya Samunge ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kulifikisha ombi langu kwenu. Ombi lilifika, ndiyo maana mlikata fedha. Kilichopotea kilipotea kati ya mfumo wenu mmoja na mwingine, mbali sana na Samunge.

Nakiri kwamba mawimbi dhaifu yanaweza kuchelewesha ujumbe mfupi. Kukosa ujumbe peke yake si ushahidi kuwa kifurushi hakikutolewa. Ushahidi ni salio la kawaida kuliwa. Laini yenye kifurushi hai hula kifurushi kwanza, na mitambo yenu haigusi salio la kawaida mpaka ione kwamba kifurushi hakipo. Kwa kunitoza shilingi 3,600, mitambo yenu yenyewe imeshuhudia kwamba saa ile sikuwa na kifurushi.

Sasa tuhesabu. Nje ya kifurushi mnatoza shilingi 9 kwa megabaiti, kwa hiyo shilingi 3,600 ni megabaiti 400. Sikatai kwamba nilizitumia. Lakini nilizitumia nikiamini natumia kifurushi nilichokwisha kukilipia, ambacho megabaiti yake ni shilingi 2 na nusu. Kwa bei hiyo nadaiwa shilingi 1,000. Mmechukua jumla ya shilingi 6,100. Ondoeni 1,000 ambayo ni halali yenu, nirejeshewe 5,100. Sitapokea kifurushi cha fidia cha saa 24, kwa sababu kosa lililofanyika kwenye fedha hurekebishwa kwa fedha.

Kanuni ndogo za vifurushi zilizotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano mwaka 2021 ziliwataka mumpe mteja taarifa matumizi yake yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100. Mantiki ya sharti hilo ni kwamba mtu asivuke kutoka bei ya kifurushi kwenda bei ya kawaida bila kujua. Mimi nilivushwa kabla sijaingia.

Naomba, pamoja na fedha, nakala ya kumbukumbu tatu: muda fedha zilipokatwa, muda kifurushi kilipoandikwa kwenye laini yangu kama kiliandikwa, na orodha ya matumizi ya jioni ile. Zote mnazo. Msiponijibu ndani ya siku 30, nitayapeleka malalamiko haya, pamoja na barua hii, katika ofisi ya Kanda ya Kaskazini ya Mamlaka ya Mawasiliano, Arusha.

Wenu mteja.

Mwisho wa barua. Ndugu msomaji, utauliza: kwa nini kazi yote hii kwa shilingi 5,100? Tazama mzigo wa kuthibitisha umewekwa begani kwa nani. Kumbukumbu zote za muamala ziko mikononi mwa muuzaji, lakini anayetakiwa kuthibitisha ni mnunuzi. Mwanafunzi anatuma picha ya ujumbe wa malipo, anaambiwa asubiri. Muuguzi wa zahanati anapiga simu, anaambiwa azime simu na kuiwasha. Mfumo unaoweza kukata fedha kwa sekunde moja unaweza pia kutambua kwa sekunde moja kwamba agizo halikukamilika na kurudisha fedha bila kuombwa. Kama haufanyi hivyo, kuna mtu aliyeamua usifanye, au aliyeona hakuna haraka ya kuufanya ufanye.

Samunge si jina geni nchini. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni hapo kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa kikombe cha dawa. Mabishano juu ya dawa ile hayajaisha hadi leo. Lakini aliyetoa mia tano alipokea kikombe mkononi. Hilo ndilo sharti la chini kabisa la biashara yoyote, na kampuni zenye leseni ya Jamhuri hazipaswi kushindwa nalo kijijini hapohapo.

Mamlaka haihitaji kusubiri barua za watu kama mimi. Iziagize kampuni zirudishe zenyewe, ndani ya saa moja, fedha za kila kifurushi kilicholipiwa kisichoandikwa kwenye laini, na zitangaze kila robo mwaka idadi ya miamala ya namna hiyo na kiasi kilichorudishwa. Pia izitake zizuie salio la kawaida lisiguswe wakati ununuzi wa kifurushi bado haujakamilika. Sharti hili la pili lingezuia shilingi 3,600 kati ya zile 6,100 nilizokatwa.

Mpaka siku hiyo, usifute ujumbe wa malipo. Kabla hujawasha intaneti, angalia kama kifurushi kimeingia. Kisipokuwepo, zima data, piga picha ya salio lako, andika saa, kisha lalamika kwa maandishi kwa kampuni kwanza, kwa sababu Mamlaka itakuuliza ulianza wapi. Nawe mtumishi wa umma unayepokea malalamiko haya mezani, usimpime mlalamikaji kwa udogo wa shilingi zake. Mwenye kukatwa elfu mbili hana njia nyingine ya kukuonyesha mamilioni yanayokatwa kwa wenzake walionyamaza.