Wito: Masharti ya Sefu Yasomeke kwa Kiswahili

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, msimu wa harusi ukifika mnapokea mama, mashangazi na wajomba kutoka Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, na nyumba zikijaa mnawapangia hoteli. Dhahabu za harusi huja nao. Chumbani wanakuta sefu ndogo ndani ya kabati, wanabonyeza namba nne, na wanaamini kuwa mali sasa iko mikononi mwa hoteli. Ombi langu ni kwamba kabla hawajaifunga sefu hiyo, wapeni kwa Kiswahili masharti yaliyobandikwa mapokezi kwa Kiingereza, na mipaka yake isipunguzwe.

Masharti hayo yanatokana na sheria ya wenye hoteli ya mwaka 1956. Kwa sheria hiyo, mgeni aliyekodi chumba cha kulala akipotelewa na mali hotelini, mwenye hoteli anaweza kudaiwa hata kama si yeye wala wafanyakazi wake waliokosea. Lakini akiwa amebandika tangazo la sheria hiyo mahali pa kuonekana karibu na mapokezi, deni lake lina kikomo: pauni 50 kwa kitu kimoja, na pauni 100 kwa mgeni mmoja kwa jumla. Karatasi iliyofichwa ndani ya kabati haitoshi kumpa kinga hiyo.

Tuchukue mfano. Shangazi ana bangili ya pauni 900 na simu ya pauni 400. Anavifungia kwenye sefu ya chumbani, mwizi kutoka nje anaingia na kuvichukua, na hoteli haina kosa lolote. Kwa bangili atapata pauni 50, kwa simu pauni 50, basi. Hasara ya pauni 1,200 inabaki yake.

Kikomo hicho huondoka katika hali tatu. Ya kwanza ni pale mali ilipopotea kwa kosa, uzembe au wizi wa mwenye hoteli au mfanyakazi wake. Ya pili ni pale mgeni alipoikabidhi mali kwa mwenye hoteli, au kwa mfanyakazi anayehusika, akisema wazi kuwa anaiweka amana. Hoteli inaweza kumtaka aitie kwanza katika bahasha au kasha alilolifunga mwenyewe. Ya tatu ni pale alipotaka kuikabidhi ikakataliwa, au akakosa nafasi ya kuikabidhi kwa kosa la hoteli. Sefu ya chumbani, mgeni huifungua na kuifunga peke yake. Hakuna aliyepokea kitu mkononi. Kwa hiyo asiihesabu kuwa ni amana.

Hapo ndipo tafsiri nyingi huharibika. Mtu anafupisha na kuandika, “Hoteli haitawajibika kwa mali itakayopotea,” na msomaji anaondoka bila kujua kwamba ana haki ya kudai, wala kwamba hatua chache hadi mapokezi zingebadilisha hesabu yote. Wengine hubakiza viwango lakini huacha maneno kuhusu mali iliyokataliwa kupokewa. Mgeni aliyeambiwa “hatuna nafasi” hurudi chumbani kimya, asijue kuwa jibu hilo lina uzito, na kwamba aandike saa na jina la aliyemjibu.

Anayetaka kuandika anaweza kuanzia hapa:

“Mali yako ikipotea au kuharibika, hoteli inaweza kudaiwa hata bila kosa lake, ikiwa umekodi chumba cha kulala. Kikomo ni pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa mgeni mmoja. Kikomo hakihusu mali uliyoikabidhi kwetu kama amana, uliyotaka kuikabidhi ikashindikana kwa sababu yetu, wala iliyopotea kwa kosa letu. Magari, vitu vilivyoachwa ndani yake na wanyama hawamo. Maelezo haya ni ya kukusaidia. Tangazo la Kiingereza ndilo la kisheria.”

Sentensi ya mwisho msiiache, kwa kuwa maelezo yenu hayachukui nafasi ya tangazo lenyewe. Nyumba ya kupanga kwa siku chache huenda isihesabiwe kuwa hoteli katika sheria hii. Huko someni mkataba wake.

Mnaofanya kazi mapokezi, mwombeni meneja ruhusa ya kuliweka andiko hili chini ya lile la Kiingereza. Nanyi mnaopokea wageni, mpitisheni shangazi mapokezi kabla ya kupanda chumbani: apige picha dhahabu zake, azifunge kwenye bahasha, atie sahihi juu ya mfuniko, azikabidhi, na asiondoke bila risiti inayotaja kilichomo, tarehe na jina la aliyepokea.